Mkanda wa Jeshi: Ngozi Imepona, Neva Bado

Mchukulie mama mmoja wa miaka 68. Miezi minne iliyopita alitokwa na malengelenge upande wa kulia wa kifua, yakaanzia mgongoni, yakapita chini ya kwapa na kuishia chini ya titi. Baada ya wiki tatu yalikauka, magamba yakabanduka, yakabaki mabaka. Majirani wakampongeza kwa kupona. Lakini hadi leo hawezi kufunga kanga kifuani. Kitambaa kikimgusa tu, anahisi kama amemwagiwa maji ya moto.

Daktari akimpima kwa pamba na ncha ya kijiti, hugundua jambo la ajabu. Ndani ya ukanda ule, kijiti kikichoma mama hasikii vizuri, ni kama ganzi. Pamba ikipitishwa polepole, anaruka. Akihamia upande wa kushoto, kila kitu ni sawa. Mpaka uko katikati ya kifua, wazi kana kwamba umechorwa kwa rula.

Mpaka huo unatokana na jinsi tulivyoumbwa. Kutoka kwenye uti wa mgongo huchomoza jozi 31 za neva, yaani mishipa ya fahamu, moja kulia na moja kushoto. Karibu kila moja ina eneo lake la ngozi ambalo wataalamu huliita dermatomu. Kifuani na tumboni maeneo hayo yamepangana kama mikanda: neva ya nne ya kifua huhudumia usawa wa chuchu, ya kumi usawa wa kitovu. Mikanda jirani huingiliana kidogo kingo zake, lakini ya kulia na ya kushoto hukutania katikati ya mwili. Ramani hii ilichorwa kwa msaada wa ugonjwa wenyewe: mwaka 1900, madaktari Henry Head na Alfred Campbell, waliokuwa wakifanya kazi Uingereza, walilinganisha mahali malengelenge yalipotokea na neva walizozikuta zimeharibika walipochunguza miili ya wagonjwa waliofariki.

Sasa virusi huingiaje humo? Huingia utotoni. Virusi vya mkanda wa jeshi ndivyo vile vile vya tetekuwanga. Mtoto akipona tetekuwanga, virusi haviondoki. Hupanda kupitia neva na kulala ndani ya vifundo vya neva vilivyo kando ya uti wa mgongo. Humo huweza kukaa miaka 50 au zaidi, vikizuiwa na kinga ya mwili. Kinga ikilegea kwa uzee, kwa VVU au kwa dawa za saratani, virusi vya kifundo kimoja huamka, huzaliana na kushuka kupitia neva ile ile hadi kwenye ngozi yake. Ndiyo maana maumivu mara nyingi hutangulia vipele kwa siku kadhaa, na wengine hudhani ni moyo au kichomi.

Malengelenge, basi, ni moshi tu. Moto uko kwenye kifundo. Huko seli za neva huvimba, na nyingine hufa. Ngozi hujijenga upya, lakini seli ya neva iliyokufa hairudi. Zinazobaki zimejeruhiwa, nazo hurusha ishara za maumivu bila kuguswa. Uti wa mgongo, ukipokea kelele hizo usiku na mchana, huongeza usikivu wake, hata mguso mwepesi wa kanga ukasomeka kama kuungua. Ubongo nao hauna njia ya kujua kwamba hitilafu iko njiani. Huamini ishara zinatoka kwenye ngozi ya ukanda ule. Maumivu yakiendelea zaidi ya miezi mitatu, hayo ni maumivu ya neva ya baada ya mkanda wa jeshi, na huwaandama zaidi wazee.

Hapo ndipo Panadol hushindwa, na mafuta ya kupaka ngozi pia hayafiki kwenye kifundo. Dawa zinazosaidia ni zile zinazotuliza neva: amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, au gabapentini inayopandishwa taratibu. Wagonjwa wengi huiacha amitriptilini wakisikia kuwa ni dawa ya sonona, au kwa sababu siku tatu zimepita bila nafuu. Yote mawili ni makosa: hapa hutolewa kwa ajili ya neva, na huhitaji wiki kadhaa. Hata hivyo, nyingi hupunguza maumivu tu bila kuyafuta.

Kwa hiyo, ukiona malengelenge yamejipanga upande mmoja wa mwili, usingoje yakauke. Nenda kituo cha afya ndani ya saa 72, kwa maana asikloviri hufanya kazi vizuri zaidi virusi vikiwa bado vinazaliana. Yakiwa kwenye paji la uso au ncha ya pua, nenda siku hiyo hiyo, kwa sababu jicho liko hatarini. Na kama mgonjwa bado ni kijana, apime VVU.