Nani Aliyeandika Jina Lililo Juu ya Meseji?

Msomaji wetu wa Tanga, mwalimu mstaafu ambaye wanawe walimnunulia simujanja mwaka jana, ametuletea swali linalostahili kuwa somo la kwanza kwa kila mzee anayeanza kutumia simu hizi. Asubuhi moja alipata meseji inayosema amepokea shilingi 180,000. Haikutoka kwa namba ya mtu. Juu yake paliandikwa jina lilelile la huduma ya pesa anayoitumia, na ilikaa chini kabisa ya meseji za kweli za miezi yote iliyopita, katika mfululizo mmoja. Haukupita muda akapigiwa simu. "Shikamoo mama," alisema kijana, sauti ikitetemeka. Alikuwa amekosea namba, pesa ni ya dawa ya mgonjwa, mama amsaidie airudishe. Mwalimu akairudisha. Baadaye aligundua kwamba hakuna pesa iliyokuwa imeingia, na kwamba alichotuma kilitoka katika akiba yake mwenyewe. Anauliza: kama meseji ile ilikuwa ya uongo, iliwezaje kuingia katikati ya zile za kweli?

Kuwasha simu, kuongeza ukubwa wa maandishi na kufunga kioo kwa alama ya kidole ni mambo ambayo mjukuu ataonyesha jioni moja, nami sitayagusa. Swali la mwalimu ndilo lenye utamu, kwa sababu jibu lake limo ndani ya mfumo wa meseji tangu ulipobuniwa. Na akishalijua mtu, hahitaji tena kukariri orodha ndefu ya maonyo.

Meseji ya kwanza ya simu ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Mfumo ulioibeba ulikuwa umebuniwa katika miaka ya 1980, wakati ambapo makampuni ya simu yalikuwa machache na yalifahamiana. Wabunifu walishughulika sana na kubana nafasi, ndiyo maana meseji moja hubeba herufi 160 tu. Pembeni ya maneno hayo waliacha nafasi ndogo ya kuandika mtumaji ni nani. Meseji ikitoka kwenye simu ya kawaida, mtandao wenyewe hujaza hapo namba ya laini yako. Lakini makampuni yanayotuma meseji nyingi kwa pamoja, kama benki, hospitali na huduma za pesa, yaliruhusiwa kuweka jina mahali pa namba. Jina hilo lisizidi herufi 11. Simu yako ikilipokea huliandika juu ya meseji kama lilivyo, na haina njia yoyote ya kuuliza kama aliyeliandika ndiye mwenyewe.

Fikiria barua ya posta. Nyuma ya bahasha kuna mahali pa kuandika jina la anayetuma, na anayeliandika ni mtumaji mwenyewe. Mtu akiandika "Mkuu wa Wilaya", posta haitafuti kitambulisho chake; kazi ya posta ni kuifikisha barua kwako. Sasa tuseme nyumbani una kijana mtiifu anayepanga barua zako. Hafungui hata moja. Hutazama tu jina la nyuma ya bahasha, na zote zenye jina moja huzitia kwenye faili moja. Barua ya kughushi ikija na jina la Mkuu wa Wilaya, kijana ataiweka juu ya zile za kweli, kwa nia njema kabisa. Nawe ukifungua faili ukakuta barua ishirini za kweli na moja mpya juu yake, moyo wako hautashtuka. Zile ishirini zimeidhamini ile moja. Hivyo ndivyo simu ya mwalimu ilivyofanya: iliona jina linalofanana herufi kwa herufi na lile inalolijua, ikaipanga meseji mpya pamoja na za zamani. Kama tapeli angekosea kistari kimoja, au angeweka sifuri mahali pa herufi O, meseji ingefungua mfululizo wake mpya, peke yake.

Tapeli hupata nafasi ya kuliandika jina hilo kwa kupitia makampuni ya kutuma meseji kwa wingi yasiyokagua wateja wao, au kwa kifaa kinachojifanya mnara wa simu na kuzirushia meseji simu zilizo karibu. Mitandao ya simu huzuia nyingi kati ya hizo, na matapeli wengi bado hutumia laini za kawaida. Lakini inatosha kujua kwamba jambo hilo linawezekana. Kwa hiyo jina lililo juu ya meseji lisichukuliwe kamwe kuwa ushahidi.

Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Ujanja huo wa jina una udhaifu ambao tapeli hawezi kuukwepa. Meseji iliyokuja kwa jina haijibiki: ukijaribu kuandika jibu, simu haina namba ya kulipeleka. Aliyejificha nyuma ya jina amejifungia na mlango wa kurudia. Ili akunase anahitaji njia ya pili ya kukufikia, na njia hiyo lazima ionekane. Ama ndani ya meseji ataweka namba ya mtu ya kupiga, ama ataweka kiungo cha kubonyeza, ama atakupigia mwenyewe kama yule kijana wa "shikamoo mama". Meseji ya kweli ya kupokea pesa haihitaji lolote kati ya hayo. Inakuarifu tu jambo ambalo limekwisha kutokea. Basi meseji ya pesa inapoingia, acha jina lililo juu, tazama kama kuna mtu anayekutaka ufanye kitu baada ya kuisoma.

Udhaifu wa pili uko kwenye hesabu. Mwalimu ametusomea ile meseji: amepokea 180,000, na salio lake jipya ni 193,750. Kabla ya hapo alikuwa na 236,400. Kupokea hakukatwi ada, kwa hiyo salio la kweli lingekuwa 416,400. Tapeli aliweza kuiga jina, mpangilio wa maneno, hata namba ndefu ya muamala, lakini hakuweza kujua mwalimu alikuwa na kiasi gani, kwa kuwa hakuwa na njia ya kuiona taarifa hiyo. Imo kwenye kompyuta za kampuni. Ikambidi abahatishe, na akabahatisha vibaya kiasi kwamba mtu anayedaiwa kupokea pesa alibaki na kidogo kuliko alichoanza nacho. Hii ndiyo sababu baadhi ya matapeli hupiga simu siku moja kabla, wakijifanya wahudumu, na kuuliza kwa upole, "Mama, kwa sasa salio lako linasomaje?" Swali linaonekana halina madhara, kwa kuwa hawajaomba namba ya siri. Wanatafuta tarakimu ya kukamilisha meseji ya kesho.

Njia ya kumaliza ubishi ni kuacha kuisoma meseji na kuiuliza kampuni yenyewe. Piga menyu ya huduma yako: *150*00# kwa M-Pesa ya Vodacom, *150*60# kwa Airtel Money, *150*01# kwa iliyokuwa Tigo Pesa, *150*88# kwa HaloPesa, kisha uchague kuangalia salio. Menyu hufanya kazi tofauti kabisa na meseji. Meseji hutupwa kwako na yeyote, wakati wowote, nayo hungoja mpaka simu iwake. Menyu ni mazungumzo uliyoyaanzisha wewe, yanayokwenda moja kwa moja kwenye mtandao wa laini yako na kukatika ukimaliza. Kijana anayelia anaweza kusubiri dakika mbili hizo. Akikuzuia usikate simu, au akakuambia mtandao una hitilafu na salio halitaonekana hadi kesho, umekwisha kupata jibu. Na kama kweli mtu amekutumia pesa kwa makosa, hana haja na wewe: ataomba kampuni yake irudishe muamala.

Taarifa binafsi zinahitaji uangalifu uleule, nami nitachukua moja tu, namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ukiisoma kwa simu kwa mtu anayesema anahakiki laini yako, umempa tarehe ya kuzaliwa bila yeye kuiuliza. Sasa kumbuka kwamba namba ya siri ya pesa ya simu ina tarakimu nne, na wazee wengi huchagua mwaka wa kuzaliwa kwa sababu hausahauliki. Aliyezaliwa 1953 na kuweka 1953 ameificha namba yake ya siri mwanzoni mwa kitambulisho chake. Kama ndiyo yako, ibadilishe leo kupitia menyu ileile. Wala usiweke mwaka aliozaliwa mwanao wa kwanza. Huo nao unajulikana mtaani.

Kuna namba nyingine inayowachanganya wengi, ile ya tarakimu sita inayokuja kwa meseji unapofungua WhatsApp kwenye simu mpya. Watu huiita namba ya siri, lakini afadhali tuiite namba ya muda, kwa sababu tapeli anayeitaka atakuapia kwamba haulizi namba yako ya siri, na kwa maneno hayo atakuwa amesema kweli. WhatsApp humtambua mwenye akaunti kwa namba ya simu tu. Anayeandika namba yako kwenye simu yake, kisha akaingiza zile tarakimu sita zilizokuja kwako, ndiye anayekuwa wewe. Baada ya hapo ataanza kuwaomba ndugu zako pesa kwa jina na picha yako. Namba hiyo ya muda ikiingia wakati hukuomba chochote, ina maana mtu anajaribu hivyo saa hiyohiyo. Iache palepale ilipo.

Kwa aliyekwisha kutuma pesa, kinachoamua ni muda. Pesa ikiwa bado ipo kwenye akaunti ya tapeli, kampuni inaweza kuizuia. Akishaitoa kwa wakala, kuipata ni shida. Piga 100, namba ya huduma kwa wateja kwa mitandao yote Tanzania, ukiwa na namba ya muamala mkononi, kabla hata ya kuwaambia watoto. Kisha uisambaze meseji ya kitapeli kwenda 15040, na utakapoulizwa, andika namba iliyoituma au iliyokupigia. Mwisho piga *106#, uchague kuangalia laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta laini usiyoijua, nenda na kitambulisho chako kwenye duka la mtandao huo ukaifunge, maana mtu mwingine anaweza kuwa anaitumia kwa jina lako.