Puli Ndogo, Mzigo Mkubwa

Beringi ya mbele ya mota ya mashine ya kusaga ikifa mara kwa mara, lawama huangukia grisi au beringi bandia. Mara nyingi chanzo ni puli. Mkanda huivuta shafti kwa upande, na kwa kuwa puli imening'inia nje ya beringi, beringi iliyo jirani nayo hubeba mvuto huo wote na hata zaidi.

Mzigo huo hukadiriwa kwa kalamu na karatasi. Chukua mota ya kilowati 7.5 inayozunguka mara 1,450 kwa dakika. Zidisha 9,550 kwa 7.5, gawanya kwa 1,450: nguvu ya kusokota ni takriban nyutoni-mita 49. Puli ikiwa na kipenyo cha milimita 100, gawanya kwa nusu kipenyo, yaani mita 0.05, upate nyutoni 988. Mikanda ya V hukazwa hata kabla ya kazi, hivyo zidisha kwa 1.5. Jibu ni karibu nyutoni 1,480.

Tuseme jedwali la mtengenezaji linaruhusu 1,200. Mota hiyo imezidiwa.

Puli ya milimita 160 hushusha mzigo hadi 926, na beringi za gololi hudumu takriban mara nne zaidi, kwani maisha yake hufuata mchemraba wa mzigo. Puli ya kinu nayo ikuzwe kwa uwiano uleule, la sivyo kinu kitakwenda kasi mno.

Tazama pia jedwali linapimia wapi: ncha ya shafti huruhusiwa mzigo mdogo kuliko shinani. Isogeze puli karibu na mota, wala usikaze mkanda kupita kiasi.