Hamsini ya Dumu Inakwenda Wapi?

Mama anapomkabidhi mhudumu wa kilula sarafu ya shilingi 50 na kujitwika dumu lake la lita 20, hiyo hamsini inakwenda wapi? Katika mikutano ya vijiji swali hili hujibiwa kwa maneno mafupi: ya mafuta, ya fundi. Mlipaji anastahili zaidi ya hapo. Anastahili hesabu, na hesabu yenyewe haimshindi mtu anayejua kupanga bei ya maandazi.

Tuchukue kijiji cha mfano katika nyanda kavu za Dodoma. Kina kisima kirefu, pampu iliyozamishwa ndani yake, jenereta ya dizeli, tangi juu ya mnara na kilula kimoja chenye mhudumu. Tarakimu zinazofuata ni za mfano, na kila kijiji kitaweka zake. Njia ya kukokotoa ni ile ile.

Hesabu madumu yaliyouzwa

Pampu yetu inatoa lita 5,000 kwa saa, na huendeshwa saa 5 kwa siku. Hizo ni lita 25,000, sawa na madumu 1,250. Hapa ndipo kamati hukosea, kwa kuchukua gharama zote na kuzigawa kwa 1,250. Ukifungua daftari la mhudumu unakuta yameuzwa madumu 1,000 tu. Mengine yamevuja kwenye viungo vya bomba, yamefurika tangini, yamesuuzia vyombo. Hata dumu lenyewe, likijazwa hadi mdomoni, huchukua zaidi ya lita 20. Maji hayo yote yamekula dizeli sawa na yale yaliyolipiwa. Kwa hiyo kigawanyo ni 1,000.

Sasa mafuta. Jenereta inakunywa lita 2 kwa saa, yaani lita 10 kwa siku. Lita moja, pamoja na nauli ya kuifikisha kijijini, inagharimu shilingi 3,000. Kwa siku ni shilingi 30,000, na kwa kila dumu lililouzwa ni shilingi 30. Kamati iliyogawa kwa 1,250 ingepata shilingi 24. Tofauti ya shilingi 6 inaonekana ndogo, lakini kwa madumu 1,000 ni shilingi 6,000 kila siku. Kumbuka kiasi hicho, tutakutana nacho tena.

Oili na chujio hubadilishwa kila baada ya saa 250 za kazi. Kwa saa 5 kwa siku, hiyo ni kila siku 50. Ikiwa kazi hiyo inagharimu shilingi 100,000, ni shilingi 2,000 kwa siku, au shilingi 2 kwa dumu.

Mhudumu analipwa shilingi 180,000 kwa mwezi, ambazo ni shilingi 6,000 kwa siku na shilingi 6 kwa dumu. Ndiyo ile ile 6,000 iliyopotea kwenye hesabu mbovu ya mafuta. Ndiyo maana utakuta kisima kinachouza kila siku, foleni ndefu, na mhudumu anadai mshahara wa miezi mitatu. Huenda hakuna aliyeiba. Maji yaliyovuja yamekula mshahara wake.

Deni lisilodaiwa leo

Mwenye dizeli anadai leo na mhudumu anadai mwisho wa mwezi. Pampu haidai chochote mpaka siku inapoungua. Kwa sababu hiyo matengenezo ndiyo fungu linalosahaulika kwa urahisi, na ndilo linalofunga visima vingi.

Tuseme pampu inanunuliwa kwa shilingi milioni 4 na inatarajiwa kudumu miaka 5. Kwa siku ni kama shilingi 2,200. Jenereta ya shilingi milioni 9 inayotarajiwa kufanya kazi saa 10,000 inamaliza shilingi 900 kila saa, yaani 4,500 kwa siku. Koki, valvu na viungo vya bomba vikichukua shilingi 40,000 kwa mwezi, ni kama 1,300 kwa siku. Jumla ni shilingi 8,000, au shilingi 8 kwa dumu. Fedha hizi zikae mbali na za mafuta, kwenye akaunti ya benki inayohitaji saini zaidi ya moja. Zikichanganywa zitanunua dizeli.

Jumlisha: mafuta 30, oili 2, mhudumu 6, matengenezo 8. Dumu linagharimu shilingi 46. Hakuna sarafu ya 46, basi bei inakuwa 50. Zinabaki shilingi 4, na hapo mtu husimama mkutanoni kusema kijiji kinapata faida.

Mvua zikinyesha

Subiri mvua. Watu wakikinga maji ya paa na kuchota madimbwini, mauzo yanaweza kushuka hadi madumu 300 kwa siku. Mafuta, oili na uchakavu wa jenereta hufuata saa za mashine, kwa hiyo hupungua pamoja na mauzo. Lakini mshahara haujui mvua. Akiba ya pampu na vifaa vidogo nayo tunaihesabu kwa siku. Hayo mawili ni shilingi 9,500 kila siku, na sasa yanabebwa na madumu 300 badala ya 1,000. Gharama ya dumu inapanda hadi shilingi 68, nasi tunauza kwa 50.

Kwa miezi 4 ya mvua kisima kitapoteza takriban shilingi 650,000. Zile shilingi 4 za kiangazi, kwa miezi 8, zimekusanya shilingi 960,000. Kumbe hazikuwa faida. Zilikuwa mshahara wa mhudumu wa siku za mvua, umelipwa mapema. Mwisho wa mwaka zinabaki kama shilingi 300,000, na ukizigawa kwa madumu yote ya mwaka unapata shilingi moja tu kwa dumu.

Dizeli ikipanda

Shilingi hiyo moja ndiyo kinga yote iliyopo. Tunatumia lita 10 kwa madumu 1,000, kwa hiyo kila shilingi 100 inayoongezeka kwenye lita ya dizeli huongeza shilingi 1 kwenye dumu. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na siku hiyo mweka hazina afungue daftari. Dizeli ikipita shilingi 3,100 kijijini, hamsini haitoshi tena. Sarafu inayofuata ni ya 100, na kumwambia mama mwenye madumu sita alipe mara mbili ni jambo zito.

Kabla ya kupandisha bei, tazama madumu mangapi yanauzwa kwa kila lita ya dizeli. Hapa ni 100. Yakishuka hadi 85, linganisha vipimo viwili viwili. Dizeli imeongezeka kwa saa zile zile? Tatizo ni jenereta au kidumu cha mafuta kinachotoka usiku. Saa ni zile zile lakini dira ya kisimani inasoma maji machache? Pampu imechakaa au maji ya kisima yameshuka. Dira inasoma vizuri lakini madumu yamepungua? Bomba linavuja, tangi linafurika, au kuna mauzo yasiyoandikwa.

Kijiji chetu kikiziba mivujo na kuuza madumu 1,100 kwa dizeli ile ile, mafuta yanashuka kutoka shilingi 30 hadi 27 kwa dumu. Ni sawa na dizeli kushuka kwa takriban shilingi 270 kwa lita, na kilichohitajika ni viungo vichache vya bomba na fundi wa siku moja.