Kifurushi cha data hakingojei maji kujaa

WAHENGA walisema rahisi ghali. Walisema hivyo kabla ya simu za mkononi, lakini ukitaka kuona ukweli wa maneno yao leo, bonyeza *544# kwenye simu yenye laini ya Safaricom, kisha utazame orodha ya vifurushi vya data. Kipo cha saa moja, cha siku moja, cha juma na cha mwezi. Kila kimoja chadai ndicho nafuu. Je, ni kipi hasa kinachookoa shilingi zako?

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa chuo mjini Mombasa ambaye amerudi kwao Faza, kisiwani Pate, kwa likizo ya majuma manne. Mjini alizoea mtandao wa chuo usiolipiwa. Hapa kila megabaiti inatoka mfukoni mwake, au tuseme mfukoni mwa mamake.

Bei tutakazotumia ni za mfano, za kiwango kilichoonekana kwenye menyu hiyo katika miaka ya karibuni. Bei hubadilika, kwa hivyo weka za leo mahali pake; hesabu ni ile ile. Ili tusisumbuke, gigabaiti moja tutaihesabu kuwa megabaiti 1,000.

Hesabu ya kwanza

Gawanya bei kwa megabaiti, upate gharama ya megabaiti moja. Gigabaiti 1 ya saa moja kwa Sh19 ni kama senti 2. Gigabaiti 1 ya saa 24 kwa Sh99 ni kama senti 10. Megabaiti 350 za siku 7 kwa Sh49 ni senti 14. Gigabaiti 1.2 ya siku 30 kwa Sh250 ni kama senti 21.

Umeona mtindo wake? Kadiri muda unavyorefuka ndivyo megabaiti inavyopanda bei. Kampuni haikuuzii data pekee, inakuuzia na muda. Kile cha saa moja ni rahisi kwa sababu wengi hawawezi kukimaliza, na saa ikiisha, kilichobaki kimepotea.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wanagawanya bei kwa megabaiti walizonunua, badala ya megabaiti walizotumia. Mwanafunzi wetu siku ya kawaida husoma jumbe za WhatsApp na habari kidogo, megabaiti 40 hivi. Akinunua kifurushi cha saa 24 kwa ajili ya hizo 40, gharama yake si senti 10 tena. Gawanya 99 kwa 40: ni takriban shilingi mbili na nusu kwa kila megabaiti, zaidi ya mara kumi ya kile cha mwezi alichokiona ghali.

Mpaka wa faida

Sasa ipo njia fupi ya kuamua. Chukua bei ya kifurushi kifupi, uigawanye kwa gharama ya megabaiti moja ya kile kirefu. Jibu ni idadi ya megabaiti unazopaswa kuzitumia kabla ya muda kuisha, ili kile kifupi kiwe na faida.

Sh19 ukizigawanya kwa senti 21 unapata kama 90. Maana yake, ukiweza kutumia zaidi ya megabaiti 90 ndani ya saa hiyo moja, kifurushi cha saa kimekishinda cha mwezi. Ukitumia pungufu, umepoteza. Kwa kile cha Sh99, mpaka ni kama megabaiti 470 kwa siku. Kwa cha juma, ni kama 235 kwa siku saba.

Katika visiwa vya Lamu mpaka huu una maana ya pekee, kwa sababu kuna mambo mawili yanayokula muda. La kwanza ni safari. Boti ya kutoka Amu kwenda Faza hupita mlango wa Mkanda, na maji yakiwa yamekupwa sana chombo kikubwa hulazimika kungoja. Abiria aliyenunua kifurushi cha saa moja akiwa gatini Amu anaweza kukimalizia baharini, pengine mahali ambapo mtandao umekatika. Saa yake ilianza kuhesabiwa aliponunua, wala si alipoanza kutumia. Kifurushi hakingojei maji kujaa.

La pili ni nguvu ya mtandao. Gigabaiti nzima kwa saa moja yahitaji mtandao wenye kasi. Je, hapo ulipo inawezekana? Jipimie mwenyewe. Angalia salio la data, pakua faili kubwa kwa dakika 10, kisha angalia salio tena. Zidisha tofauti kwa sita. Ikiwa zimetoka megabaiti 40, saa moja itakupa 240, na hata hivyo Sh19 zitakuwa zimekulipia megabaiti kwa senti 8 tu. Lakini zikitoka 10, saa itakupa 60, na kila moja imekugharimu senti 32. Kwa bei hizi, kumbuka hivi: chini ya megabaiti 15 kwa dakika 10, achana na kifurushi cha saa moja.

Likizo ya majuma manne

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Kila siku anatumia megabaiti 40, na kila Jumamosi anapakua masomo ya video ya megabaiti 600. Kwa siku 28 jumla ni megabaiti 3,520.

Akinunua cha saa 24 kila siku, atalipa Sh2,772. Akinunua vya mwezi vitatu, vyatosha, naye atalipa Sh750. Lakini akigawa matumizi yake mawili, mambo hubadilika. Zile 40 za kila siku ni 280 kwa juma, zinaingia katika kifurushi cha siku saba. Vinne ni Sh196. Video za Jumamosi anazipakua kwa kifurushi cha saa moja, akiwa ametulia mahali penye mtandao mzuri. Vinne ni Sh76. Jumla Sh272.

Hata kama mtandao ni ule wa megabaiti 240 kwa saa, na kila Jumamosi ikamlazimu kununua vitatu, jumla ni Sh424, bado chini ya Sh750.

Yapo mambo mawili ya kuchunga. Simu ikiruhusiwa kupakua picha na kusasisha programu yenyewe, zile 40 za siku zitavuka mpaka bila habari. Zima ruhusa hizo. Pia, akiwa na vifurushi viwili kwa pamoja, aangalie salio baada ya kupakua, ahakikishe ni kile cha saa kilichopungua.

Je, na mtu ambaye matumizi yake hayatabiriki, kama baharia anayekaa siku kadhaa bila mtandao? Kwake megabaiti ya senti 21 isiyopotea ni nafuu kuliko ya senti 2 inayopotea. Mwaka 2019 wakili Adrian Kamotho alipeleka malalamiko mbele ya baraza la rufaa la mawasiliano kuhusu data inayokwisha muda kabla ya kutumiwa, na Oktoba mwaka huo huo Safaricom ikaanzisha vifurushi visivyo na mwisho wa muda. Hivyo navyo, msomaji, vipime kwa rula ile ile: bei, gawanya kwa ulichotumia.