Mkaguzi, Mhandisi na Mashimo ya Mgodi

Mgodi wa Base Titanium, Kwale, ulimaliza kuchimba mchanga wa ilmenaiti, rutaili na zirikoni mwishoni mwa 2024. Mgodi wa aina hii ukisimama, deni la ardhi linabaki: mashimo yafukiwe, udongo wa juu urudishwe, miti ipandwe. Kanuni za uhasibu zinataka deni hilo liandikwe vitabuni tangu ardhi inapochimbuliwa, si siku ya kulipa. Lakini kurejesha hekta moja ni shilingi ngapi? Mkaguzi wa hesabu hajui. Anayejua ni mhandisi wa mazingira.

Mkaguzi hutazama kwanza nani amemwajiri mhandisi huyo. Akiwa ameletwa na uongozi wa kampuni, kiwango cha ukaguzi ISA 500 ndicho kinachotumika. Akiwa ameitwa na mkaguzi mwenyewe, ni ISA 620. Kote kuwili hupimwa ujuzi wake na uhuru wake. Bingwa wa barabara si lazima awe bingwa wa kurejesha machimbo, na mwenye hisa katika kampuni ana sababu ya kutaka deni lionekane dogo.

Sifa hizo hazitoshi. Tuchukue mgodi wa kubuni, tuuweke huko Msambweni. Mhandisi anaandika: hekta 40, kila moja shilingi milioni 2.5, jumla milioni 100. Bei ameipata kwa zabuni tatu, na njia yake ya kukokotoa haina kasoro. Ila hizo hekta 40 hakuzipima. Alipewa na kampuni. Mkaguzi anaomba ramani ya upimaji ya mwisho wa mwaka, anakuta 46. Deni linakuwa milioni 115. Mimi huanzia hapo kila mara, kwenye takwimu ambazo mtaalamu amekabidhiwa na mteja, kwa sababu kuzihakiki hakuhitaji shahada ya uhandisi.

Je, wakaguzi wa ndani wa kampuni wangeifanya kazi hiyo? ISA 610 inaruhusu kutumia kazi yao ikiwa wanaripoti kwa kamati ya ukaguzi badala ya kuwa chini ya mkuu wa fedha, wana ujuzi, na kazi yao ina utaratibu na udhibiti wa ubora. Likikosekana moja, haitumiki. Hata yakitimia yote, kadiri jambo linavyohitaji maamuzi mazito ndivyo mkaguzi wa nje anavyopaswa kulifanya mwenyewe. Kuhesabu vipuri ghalani, sawa, mradi arudie kuhesabu baadhi yake. Makadirio ya kurejesha ardhi, hapana.

Ripoti ikiwa safi, jina la mhandisi halitajwi humo isipokuwa sheria itake. Kumtaja kungemfanya msomaji adhani jukumu limegawanywa, na halijagawanywa: deni likija kuonekana lilipunguzwa, anayeulizwa kuhusu ripoti ni aliyeitia sahihi.