Spidi Moja, Mikunjo Miwili

Spidomita inasoma kama kilomita 40 kwa saa. Sekunde 10 baadaye inasoma vilevile. Lakini mara ya kwanza abiria amegandamizwa kwenye kiti, na mara ya pili mkanda unamzuia asiende mbele. Tofauti hiyo haionekani kwenye spidomita; iko kwenye derivativu ya pili.

Tuchukue gari linaloondoka kituoni na kusimama mita 200 mbele, baada ya sekunde 20. Umbali wake kwa mita ni:

s(t) = 1.5t² − 0.05t³

Derivativu ya kwanza hutupa kasi, v(t) = 3t − 0.15t². Tukiipitisha kasi nayo kwenye hesabu hiyohiyo tunapata mchapuko, yaani jinsi kasi yenyewe inavyobadilika: a(t) = 3 − 0.3t.

Kwenye sekunde ya 5 na ya 15 kasi ni mita 11.25 kwa sekunde, ndizo zile kilomita 40. Mchapuko ni 1.5 kwanza, kisha −1.5: dereva alikuwa anakanyaga mafuta, sasa anakanyaga breki.

Hata bila kanuni, vipimo vya umbali vinatosha kulibaini hilo. Sekunde ya 4 gari liko mita 20.8, ya 5 liko 31.25, ya 6 liko 43.2. Limekwenda mita 10.45, kisha 11.95. Hatua ya pili imeizidi ya kwanza kwa 1.5, na huo ndio mchapuko. Kuanzia sekunde ya 14 hadi ya 16 hatua zinageuka: 11.95 kisha 10.45.

Chora umbali dhidi ya muda uone. Hatua zinapokua, grafu hukunjika kuelekea juu kama bakuli lililo wima. Zinapopungua, bakuli limefunikwa. Grafu hubadili mkunjo kwenye sekunde ya 10, mchapuko unapokuwa sifuri. Wanafunzi wengi hudhani hapo gari limesimama. La hasha: hapo ndipo linapokwenda kasi kuliko wakati wowote, kilomita 54 kwa saa.

Alama ya kutoa nayo isomwe kwa uangalifu. Gari likirudi nyuma, kasi yake ni hasi, na mchapuko hasi unamaanisha kwamba linazidi kukimbia kinyumenyume. Gari hupunguza mwendo pale tu alama za kasi na mchapuko zinapopingana.

Ugumu halisi uko kwenye kupima. Tuseme kifaa kimekosea mita 1 tu kwenye sekunde ya 5, kikasoma 32.25. Hatua zinakuwa 11.45 na 10.95, na mchapuko unatoka −0.5. Kosa la mita 1 limehesabiwa mara mbili, na gari linaloongeza mwendo linaonekana kama limefunga breki.