Kihispania: Sauti Ileile, Herufi Nyingine

Sisi Waswahili tunaandika tunavyotamka. Kihispania nacho hubadili herufi ili kulinda sauti. Chukua "llegar", yaani kufika. Mbele ya a, herufi g husomeka kama katika "gari". Lakini "nilifika" huishia na é, na mbele ya e au i herufi hiyohiyo husomeka kh. Basi huingizwa u isiyotamkwa: "llegué". Vivyo hivyo "sacar", kutoa, huzaa "saqué", nilitoa. "Vez", mara, kwa wingi ni "veces", kwani z kwa kawaida haiandikwi mbele ya e.

Kwingine sikio halikusaidii. H ya "hola" haitamkwi, na "vaca", ng'ombe, husikika sawasawa na "baca", keria ya juu ya gari. Hayo hukaririwa tu.